Festus Alitaka Tucheke

Festus alipewa uongozi wa timu kwa sababu ya mdomo wake. Madam Mutheu, meneja wetu, hakusema hivyo. Yeye alisema "uwezo wa kuwasiliana na watu." Lakini sisi tuliokuwa tumekaa naye meza moja tulijua ni mdomo. Festus angeliangalia embe lililopondeka upande mmoja, alipe jina la mwalimu wake wa hesabu, aanze kulihoji kuhusu viboko vya kidato cha pili. Ukicheka na kisu mkononi unajikata. Nusu ya plasta zilizotumika pale kiwandani zilikuwa dhambi zake.

Kiwanda chenyewe ni kidogo, kiko kando ya barabara ya kwenda Masii, na tunakausha maembe. Wakulima wanaleta makreti, tunaosha, tunamenya, tunakata vipande vyembamba, tunavipanga kwenye trei za wavu, trei zinaingia chumba cha moto. Vipande vinatoka vimejikunja kama soli ya kiatu kilichosahaulika juani, vinapelekwa ng'ambo, watu wanavinunua kwa bei ya nyama. Sisi tunafurahi tu. Mwenye pesa zake hafundishwi kula.

Meza ya pili ilikuwa ya Waithira na Kalondu. Wengine tulikuwa tunahamishwa hamishwa kama viti vya harusi, lakini hao wawili walikaa wakitazamana tangu kiwanda kifunguliwe. Waithira, ambaye tulimwita Mama Kibe kwa jina la kijana wake, alikuwa mkubwa wetu. Watu wake walitoka Murang'a zamani wakanunua shamba Yatta, yeye akazaliwa huko Yatta, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu mimi Mukai niliyezaliwa na Wakamba pande zote. Festus alimwita mwaitu, yaani mama. Chai ya saa nne ikifika kwenye birika, ni yeye aliyemimina. Hakuna aliyempa hiyo kazi. Alishika birika siku ya kwanza na hakuna aliyethubutu kulishika tena.

Kalondu alikuwa wa Muthetheni, mwembamba, mkono wake mwepesi kama wa mtu anayehesabu noti za wengine. Hakuwa mcheshi. Ukimtania alikuangalia mpaka utani wako uone haya wenyewe. Kitu kimoja tu kilimfanya atabasamu, nacho ni simu ya mdogo wake Makau, aliyekuwa bodaboda huko kwao. Alimlea tangu mama yao afariki. Hata pikipiki ile alikopa yeye.

Basi wiki ya pili ya uongozi wa Festus, tukiosha vifaa jioni, kisu kimoja cha meza ya pili kikatoka kwenye beseni bila ncha. Kilikatika mbele, kipande kama ukucha wa kidole kidogo.

Mtu wa nje anaweza kusema, kisu tu. Kwetu sheria ya kwanza unayofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa choo, ni kwamba kisu kikivunjika unainua mkono na kila kitu kinasimama. Mtu akila embe lenye chuma, hakuna kiwanda tena. Na siku hiyo hakuna mkono ulioinuliwa. Tulipekua mabaki na maganda. Festus akaleta sumaku aliyotoa kwenye spika iliyokufa, akaipitisha juu ya kila trei kama mchungaji anayewekelea watu mikono. Hatukupata kitu. Maembe yote ya meza ya pili ya siku ile yakamwagwa shimoni, na wakulima waliokuwa wamekuja kuchukua makreti yao wakasimama wakitazama.

Visu vya hao wawili vilifanana, na vilikuwa vimeingia beseni moja.

"Changu kilikuwa kizima nikikiweka," Kalondu akasema.

"Changu pia," akasema Waithira.

Ingeishia hapo pengine ingepona. Lakini kila mmoja alimjua mwenzake, na kila mmoja alikuwa na uhakika wa mkono wake mwenyewe.

"Mama Kibe, macho yako yamechoka. Si vibaya. Sema tu hukuona."

"Macho yangu yako sawa. Ni wewe unakata kama mtu anafukuzwa. Nimekuambia mara ngapi usipige kokwa na ncha?"

"Mimi sitafunzwa kisu na mtu wa kuja."

Nilikuwa nimeshika trei na nikaiweka chini polepole. Kalondu hakuwa mtu wa maneno hayo, na nafikiri yalimshtua hata yeye yakitoka. Waithira alivua kofia yake ya wavu, akaikunja ndogo kabisa, akatoka. Kesho yake wakakaa meza moja bila kutazamana. Mmoja akihitaji trei alimwomba Mutanu wa meza ya tatu amwambie mwenzake asogeze. Mutanu, ambaye siri kwake ni kama maji kwenye kikapu, alifurahia kazi hiyo mpya.

Madam Mutheu alimwita Festus ofisini, na kwa vile ofisi yake ina dirisha lisilofunga, sote tuliitwa kwa namna fulani.

"Sitafuti aliyevunja kisu," alisema. "Hata nikimjua hakirudi. Nataka meza inafanya kazi. Wewe ndio kiongozi, waongeleshe. Ikifika Ijumaa bado hawasemezani, wote wawili nitaachana nao. Watu wanapiga foleni hapo getini kila asubuhi."

"Wote wawili, madam?"

"Nitachagua aje? Wewe unaweza kuchagua?"

Festus akatoka akiwa na uso ambao hatukuwahi kuuona kwake. Ulikuwa uso wa kawaida, kama wa watu wengine.

Nimpe haki yake. Alianza vizuri. Walikuwa wamempeleka mafunzo ya siku moja Machakos mjini, mahali pa soseji na maji ya chupa, na sisi tulidhani alienda kula. Kumbe alisikiliza. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Kwanza alimwita kila mmoja peke yake, kwenye stoo ya vifaa. Stoo hiyo ukuta wake mmoja ni waya wa kuku, na upande wa pili ndipo sinki langu la kuoshea trei. Sikuwa nimejificha. Nilikuwa kazini, masikio yakiwa kazini pia.

Kwa Kalondu, Festus alianza hivi: "Kalondu, mimi siko hapa kukuhukumu. Utakayoniambia sitampelekea mwenzako bila ruhusa yako. Niambie tu vile ilikuwa, kwa macho yako."

Kalondu akasema. Alikuwa na uhakika. Alisema amekata maembe miaka na miaka na mkono wake unajua kisu kikiguswa hata na nywele. Festus hakumkatiza. Akimaliza alimrudishia maneno yake: "Kwa hivyo kinachokuuma si kisu. Ni kwamba mtu amesema unafanya kazi ya haraka haraka, na wewe kazi ndiyo jina lako."

"Ee," Kalondu akasema, sauti yake imeshuka. "Na lile neno nilimwambia. Halikuwa zuri."

"Unaweza kumwambia hivyo mwenyewe?"

"Akikubali kunisikiza."

Na Waithira ilikuwa hivyo hivyo. Yeye hakulia, lakini alisema maneno machache na kila moja lilikuwa na uzito. Kwamba kisu kinaweza kuvunjika mkononi mwa mtu yeyote, hata mwake, na kama ni chake basi hakuona, na hilo hawezi kuliapia upande wowote. Kwamba anaweza kukaa na Kalondu hata kesho. Lakini neno la mtu wa kuja lilimfuata nyumbani, likakaa naye mezani, akashindwa kula.

"Ungependa nini kutoka kwake, mwaitu?"

"Aseme mbele yangu kwamba halikuwa la kweli. Si lazima aseme pole. Aseme tu halikuwa la kweli."

Nilisimamisha maji kwenye sinki nikawaza, huyu mtu wetu wa utani atawezana na hii kitu. Mmoja anataka kusema, mwingine anataka kusikia, na kitu ni kile kile. Kilichobaki ni kuwakalisha tu.

Aliwakalisha Alhamisi, wakati wa chai. Aliweka viti vitatu kwenye stoo, vya pembe tatu, ili yeyote asionekane yuko upande wa mwingine. Katikati akaweka kreti lililopinduliwa, na juu yake kile kisu kisicho na ncha, ndani ya mfuko wa nailoni. "Tumefundishwa tuongee juu ya shida, tusiongee juu ya mtu," akawaambia. "Shida ni hii. Iangalieni. Tukasirikie hii."

Sisi wengine tulikuwa nje na vikombe vyetu. Birika lilikuwa linapoa, maana mwenye kulimimina alikuwa ndani. Nani angeenda mbali? Tulisimama karibu na waya wa kuku tukijifanya tunatazama mawingu. Festus alituona. Angeweza kutufukuza. Nafikiri aliona aibu kufukuza watu aliokuwa mwenzao juzi tu.

"Sheria ni moja," akasema. "Mmoja akiongea, mwingine anangoja. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza.

Kalondu aliangalia mikono yake. Waithira aliangalia kisu. Sasa, niliwahi kumuuliza Festus baadaye kama walimfundisha cha kufanya mkiwa hivyo, akaniambia ee, walifundishwa: unakaa. Kimya si adui, waliambiwa, ni mtu anatafuta neno. Unangoja. Na ukimwangalia Kalondu ungeona neno linakuja. Midomo yake ilikuwa imeanza. Alikuwa amevuta pumzi, kifua kimeinuka.

Lakini kwetu sisi tuliokuwa nje kimya kile kilikuwa kirefu sana, Mutanu akakohoa, na Festus akasikia kikohozi. Akatazama waya, akaona macho yetu yote yanamngoja yeye. Na Festus, watu wakimngoja, alijua kufanya kitu kimoja tu.

"Ama tulete kithitu," akasema. "Kila mtu aape mbio mbio, tumalize, chai isipoe."

Tulicheka. Siwezi kusema eti tulitabasamu. Tulicheka kwa nguvu, na Mutanu akamwagikiwa na chai yake.

Kwa asiyejua: kithitu ni kiapo cha Wakamba, na si kitu cha kutajwa jikoni. Wazee wanakaa kwanza, ukoo unakubali kwanza, kwa sababu ukiapa uongo huanguki peke yako. Kinachukua hata watu wa nyumbani kwako, mmoja mmoja. Watu wazima wenye digrii wakisikia kimeletwa kwa kesi ya shamba, wanaachia shamba. Ndiyo maana utani ulichekesha. Ni kama mtu aseme tuite jeshi kwa sababu ya panya.

Kalondu hakucheka. Neno lililokuwa midomoni lilirudi ndani nikaliona likirudi. Aliinua kichwa akatutazama sote kupitia kwenye waya, tukicheka, na najua aliona nini. Aliona watu wanaomcheka.

Akakitoa kisu kwenye mfuko. Akaweka kiganja juu yake.

"Kama kisu hiki kilivunjikia mkononi mwangu nikanyamaza," akasema kwa Kikamba, pole pole, "mimi na watu wa nyumba yetu tusiumalize mwaka."

Mawingu yale tuliyojifanya kutazama, hakuna aliyeyaona tena.

"Kalondu," Festus akasema. "Kalondu, dada, nilikuwa natania."

"Mimi sitanii." Akausukuma mpini wa kisu upande wa Waithira. "Sasa na yeye."

Waithira hakukigusa. "Mimi siapi," alisema. "Hata kwa Biblia siapi. Niliokoka nikiwa msichana, na neno langu ni ndiyo au hapana. Na hii sijui. Nimekuambia Festus, sijui."

"Hakuna mtu anaapa hapa," akasema Festus. "Hii imeisha. Mwaitu, usishike hiyo kitu. Kalondu alikuwa na jambo anataka kukuambia. Si ndiyo, Kalondu? Lile neno."

Kalondu alikuwa amesimama tayari. "Nimeshasema yangu."

Na kutoka kwa waya, Mutanu, na chai yake kifuani: "Kama hakufanya, anaogopa nini?"

Hilo swali ndilo lililobaki kiwandani. Lilikula na sisi, lilipanda na sisi barabara jioni. Mmoja ameweka mkono na mwingine amekataa, na hata mimi, niliyesikia maneno ya wote wawili kwenye sinki, nilijikuta naliuliza. Uhakika wa Kalondu ulikuwa umesimama pale kama ukuta. Waithira alikuwa na nini? Alikuwa na sijui.

Ijumaa Madam Mutheu alikuja akakuta meza ya pili inaongea. "Sogeza trei." "Chukua." Waliongea hivyo, na hiyo kwake ilitosha. Alimpongeza Festus mbele yetu. Akapigiwa makofi. Alikuwa anatazama sakafu.

Saa nne Waithira akashika birika kama kawaida. Akaja kwa Mutanu, Mutanu akafunika kikombe na mkono. "Leo tumbo," akasema. Akaja kwa aliyefuata, naye leo tumbo. Sote tuliumwa na tumbo siku hiyo. Kikombe changu nilikuwa nimekishika wazi, na alipofika nikakishusha chini ya meza kabla sijajua nimefanya nini. Festus akaja mbio kutoka chumba cha moto, akachukua kikombe, akamwambia, "Nimiminie mwaitu, mpaka juu," akanywa mbele yetu sote ikiwa moto vile vile, machozi yakamlengalenga. Akatungoja. Hakuna aliyemfuata.

Jumatatu alitukusanya. Alisema kile kilikuwa kisu cha jikoni, si kithitu. Wazee hawakuwepo, hakuna aliyeapishwa, ulikuwa mdomo wake mbovu, tumlaumu yeye. Alisema kukataa kuapa si kukubali kosa. Kila alichosema kilikuwa kweli. Lakini alikisema kwa ile sauti yake ya siku zote ya maembe na walimu wa hesabu, sauti nyingine hakuwa nayo, na watu wakangoja wapi pa kucheka. Walipoona hakuna, wakarudi kazini.

Alimwendea Kalondu pia. Alimwomba aseme lile alilotaka kusema. "Nikisema sasa," Kalondu akamjibu, "wataona narudisha kiapo." Na alikuwa sawa. Wangeona hivyo.

Waithira alimaliza wiki. Hakufukuzwa, na hakugombana na mtu. Alileta aproni yake imefuliwa na kupigwa pasi, na gamboti zimeoshwa mpaka soli, akaziweka mbele ya Festus.

"Mwaitu, usiende. Nipe wiki moja nirekebishe."

"Utarekebisha na nini?" alimuuliza, na hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli.

Baada ya hapo Festus alifunga nyuzi za rangi kwenye mipini ya visu vyote, kila mtu na rangi yake. Kazi nzuri. Kalondu alipewa nyekundu.

Mvua za Machi zilianza, maembe ya mwisho yakawa yanaingia na mabaka meusi, na asubuhi moja simu ya Kalondu ikaita. Aliitoa akitabasamu, jinsi alivyofanya kwa namba ile moja tu. Lakini aliyekuwa anaongea hakuwa Makau. Alikuwa mtu aliyeokota simu ya Makau. Lori la mchanga lilikuwa limemgonga kwenye kona karibu na soko la Muthetheni.

Tulienda mazishi sote. Tulichanga, tukaimba, tukabeba viti. Na tulipokuwa tumesimama kaburini, kabla udongo haujajaa, Mutanu akaniinamia sikioni: "Na mwaka haujaisha."

Nikamwambia anyamaze. Lakini nilikuwa nimeshafikiri hivyo mwenyewe.

Kalondu alirudi kazini akakuta meza ya pili ni yake peke yake. Hakuna aliyetaka kukaa mbele yake. Saa nne hakuna aliyemimina, kila mtu alijimiminia, na yeye alipoenda kwenye birika watu walikumbuka kazi zao. Wale wale waliomfanya Waithira mwongo kwa sababu hakuapa, sasa walimfanya yeye mwongo kwa sababu aliapa. Jioni moja alikuja kwenye sinki langu. Alikuwa amekonda, na sijui alikuwa anakonda kutoka wapi.

"Mukai, wewe ulikuwa hapa siku ile. Siku ya kisu. Ulisikia mimi nikigonga kitu? Kokwa?"

"Sikusikia kitu."

"Kuna moja lilikuwa gumu. Nakumbuka moja. Mkono uliruka." Akatazama kiganja chake. "Ama naikumbuka kwa sababu nataka kuikumbuka. Nilikuwa na hakika. Saa hii sijui."

Alikuwa amefika mahali alipokuwa Waithira tangu mwanzo, ila yeye alilipa nauli kubwa.

Ni yeye aliyemwomba Festus ampeleke Yatta. Festus aliomba pikapu ya kubeba makreti, na Kalondu akaniambia nami niende, nadhani ili asikae peke yake na Festus garini. Tulimkuta Waithira mbele ya nyumba akipepeta pojo. Alitutazama tukishuka, akaingia ndani, akatoka na viti. Alikuwa amesikia habari za Makau. Alimshika Kalondu mikono yote miwili, akasema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli.

Tukakaa. Kimya kikaja, kile kile. Nikamwona Festus amefunga taya kama mtu anayezuia kutapika. Kimya kikakaa, jogoo akapita katikati yetu, kimya kikaendelea, na mwishowe Kalondu akapata neno lake.

"Lile la mtu wa kuja halikuwa la kweli. Nilitaka kukuambia siku ile."

Waithira akaitikia kwa kichwa. "Nimesikia. Asante."

Kama tungefika hapo ile Alhamisi, tungekunywa chai tukaenda kazini. Lakini Kalondu hakuwa amekuja kwa hilo peke yake. Aliteremka kwenye kiti akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama Kibe. Sema ni wewe."

"Kalondu, inuka."

"Sema ni wewe ulivunja. Sitamwambia mtu. Hawa hawatasema. Mimi nijue tu si mimi. Nijue si mimi nilimuua. Nimekuomba. Kuna kitu gani kwako? Umeshatoka kazi."

Waithira alifumba macho. Nilimwona anaipima. Nilimwombea aseme, Mungu anisamehe, niliomba mwanamke aliyeokoka adanganye. Festus alikuwa ameshika magoti yake.

"Siwezi," akasema Waithira. "Ningejua ni mimi, ningekupa hilo neno leo, hata kwa barua. Lakini sijui. Siku ile mlinitaka niape nisichokijua, na leo unataka nikiri nisichokijua." Akainama, akamshika mabega. "Makau aligongwa na lori. Lori lina dereva. Si kisu. Unanisikia? Lilikuwa lori."

"Lori hutumwa," Kalondu akasema.

"Na nani?"

Waithira alimwinua, akamrudisha kitini, akaleta chai. Alimimina vikombe vinne mpaka juu. Mimi nilikunywa changu chote, nikaomba kingine, na kila funda nililimeza mbele yake kama dawa. Kalondu alikishika chake kwa mikono yote miwili mpaka kikapoa. Akakirudisha hivyo hivyo kimejaa. Hakukataa kwa ubaya. Alisema tu koo limefunga.

Jua lilikuwa bado juu tukirudi. Kwenye daraja Festus alifungua mdomo, nikaona ile kona ya mdomo inayoanza utani, kisha akaufunga. Kalondu, aliyekuwa katikati yetu, akamwona pia.

"Festus."

"Naam."

"Siku ile, ukitaja kile kitu. Ulikuwa unataka nini?"

Festus akabadilisha gia, ingawa hapakuwa na haja.

"Nilitaka mcheke," akasema.

Kalondu akageuza kichwa, akaniangalia mimi.

"Walicheka," akasema.